Nani Amekula Matobolwa? Namna ya Kumpa Jina Mnyama wa Kitabu cha Watoto

Kitabu cha picha husomwa kwa mdomo kabla hakijasomwa kwa macho. Katika shule nyingi za vijijini Shinyanga, mwalimu husimama mbele na nakala moja, akaigeuza ili darasa zima lione picha, naye anasoma kwa pembeni. Watoto hawaoni maneno. Wanachopata ni sauti tu, na sauti ya kwanza kabisa ni jina la kitabu. Ya pili ni jina la mnyama ambaye watakuwa naye hadi ukurasa wa mwisho. Majina hayo mawili yakiwa magumu au mazito mdomoni, mwalimu atayafupisha anavyojua yeye, watoto watayapindua wanavyoweza wao, na mwandishi hatasikia tena kile alichokiandika.

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya namna hiyo. Nitaeleza jinsi jina linavyopimwa kwa kutumia mfano mmoja nilioutengeneza kwa ajili ya makala hii. Ni hadithi ya nungunungu, na jina la kitabu, tuseme limeletwa na mwandishi, ni hili: *Safari ya Radhia Nungunungu Kutafuta Dhahabu*. Nimekusanya humo makosa ninayokutana nayo mara nyingi katika miswada. Mnyama mwenyewe amechaguliwa vizuri. Mkulima wa viazi wa Kishapu au Mbogwe anamfahamu nungunungu kwa mashimo anayoyaacha shambani usiku, na Wasukuma wana hata chama cha ngoma cha wawindaji wa nungunungu, Bununguli. Kilichobaki ni jina.

Masikio ya Shinyanga na midomo ya Geita

Kabla ya kupima jina, mwandishi ajue nani atalitamka. Katika vijiji vya Shinyanga, mtoto wa darasa la awali mara nyingi anafika shuleni akiwa na Kisukuma kinywani na Kiswahili cha kuombea maji. Ndiyo maana mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 na kuihusisha Shinyanga, ulitumia hadithi katika madarasa ya utayari wa shule, ili watoto wasiozungumza Kiswahili nyumbani wakizoee kwa kusikiliza. Ukanda wa dhahabu una sura nyingine. Katika miji kama Katoro, Kahama na Geita yenyewe, machimbo yamewaleta Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, Waha, Wakurya na wengine wengi, na watoto wao hucheza pamoja kwa Kiswahili. Jina zuri la kitabu linapaswa kufanya kazi katika mazingira yote mawili.

Tofauti inayosikika mapema ni ile ya herufi r na l. Katika Kisukuma r haitumiki kutofautisha neno na neno, kwa hiyo mtoto anayejifunza Kiswahili huiweka l mahali pake bila kujua kuwa amebadilisha kitu. Nyarugusu, eneo la machimbo linalofahamika Geita, utalisikia likiitwa Nyalugusu, na hakuna anayepotea njia. Halafu kuna sauti zilizokuja na maneno ya Kiarabu: dh, th na gh. Hizi si shida ya Wasukuma peke yao, maana sehemu kubwa ya bara dh huwa z na th huwa s. Hata mchimbaji aliyeishi kwa dhahabu maisha yake yote anaweza kuiita zahabu.

Sasa soma jina la mfano wetu kama litakavyotoka kinywani mwa mtoto wa darasa la kwanza: *Safali ya Lazia Nungunungu Kutafuta Zahabu*. Mtoto hajakosea kitu cha kumchekesha mtu, ametamka kwa ulimi alio nao. Lakini mwalimu atamsahihisha, na atamsahihisha katika jina la kitabu, kabla hadithi haijaanza. Kitabu kilichokusudiwa kuwa raha kimeanza na kosa.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni rahisi. Ninaandika jina kwenye karatasi, kisha naliandika tena chini yake nikiwa nimebadilisha kila r kuwa l, kila dh kuwa z, kila th kuwa s. Kama jina la pili bado linafaa, na halijageuka neno jingine, natulia. Sungura akiitwa sungula bado ni sungura. Lakini paka aitwaye Thamani atakuwa Samani, na darasa litajiuliza kwa nini paka anaitwa kama meza na viti. Punda aitwaye Bara atakuwa Bala. Hapo jina limeondoka na maana ya mwandishi, na kuingiza nyingine.

Kuna upande wa pili ambao waandishi wa kutoka mbali husahau. Zipo sauti ambazo mtoto wa Kisukuma anazimudu kuliko wengine. Ng' ya ng'ombe kwake ni ya kila siku, kwa kuwa hata mtoto anaitwa ng'wana. Lakini katika maandishi ng' ina hatari yake: mchora jalada akiangusha kile kialama cha juu, mtoto anayejifunza kusoma atatamka ng ya ngoma. Jina lenye ng' likaguliwe jaladani, mgongoni mwa kitabu na katika ukurasa wa hati, kila mahali.

Silabi zinazorudiwa mara thelathini

Kipimo cha pili ni urefu, na urefu wa jina hupimwa kwa silabi, si kwa herufi. Nungunungu lina silabi nne, nalo peke yake ni tamu kulitamka, kama yalivyo konokono na digidigi. Kiswahili kimewapa wanyama kadhaa majina ya kurudiarudia ambayo watoto huyapenda bila kufundishwa. Tatizo ni idadi. Chukua kitabu cha kurasa 24 chenye sentensi mbili au tatu kila ukurasa. Jina la mhusika mkuu linaweza kutajwa mara 30. Kwa nungunungu hizo ni silabi 120. Kwa jina la silabi mbili ni 60. Msomaji mzima huchoka kwenye ukurasa wa kumi, na anapochoka huanza kusema "yeye" na "huyu mnyama", na mhusika anapotea.

Ninapendelea basi kugawa kazi. Jina la aina ya mnyama, nungunungu, litamkwe mara chache kwa kishindo: mara ya kwanza anapotokea, na pale ambapo mtu mwingine katika hadithi anashangaa kumwona. Jina lake binafsi liwe la silabi mbili, ikizidi tatu, ndilo libebe hadithi. Tena silabi hizo ziwe wazi na nyepesi iwezekanavyo, kwa sababu mtoto wa darasa la kwanza huanza na irabu, akaenda ba be bi bo bu, na baadaye ndipo akakutana na mb, nd, ng na mwambatano wa aina ya lwa na mwe. Jina la mhusika ndilo neno atakalolitambua kwa macho mapema kuliko mengine yote, kwa vile linarudi kila ukurasa.

Halafu kuna jambo la kisarufi ambalo halionekani mpaka usome kwa sauti. Wanyama katika Kiswahili huchukua a-: akaja, akaona, akasema. Jina likiishia na a, hiyo a inakutana na a ya kitenzi na mbili hizo zinakuwa moja. "Radhia akaja" linatoka "Radhiakaja", na mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili hajui jina limeishia wapi. Majina yanayoishia na o, u au i hayana ugonjwa huo: "Doto akaja" linasikika kama maneno mawili. Hii si sheria ya kukataa jina zuri, ila ni gharama, na mwandishi ajue anailipa.

Makofi

Kipimo cha tatu ni mapigo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, karibu kila mara, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kupima mapigo ya jina kwa kupiga kofi kila penye mkazo na kuhesabu silabi zilizo katikati.

Tuanze na jina tulilopewa: sa-FA-ri ya ra-DHI-a nu-ngu-NU-ngu ku-ta-FU-ta dha-HA-bu. Makofi yanaangukia silabi ya 2, ya 6, ya 10, ya 14 na ya 17. Ajabu ni kwamba mpangilio huo ni mzuri. Nafasi kati ya kofi na kofi ni nne, nne, nne, kisha tatu. Mwandishi huyu ana sikio. Kilichomwangusha ni kwamba silabi ni 18, na kwamba r mbili na dh mbili zimekaa katikati ya njia. Ninalitaja hili kwa sababu wahariri wengine hulifuta jina lote kwa mkupuo mmoja, wakatupa na mwendo ambao ungeweza kuokolewa.

Mwendo huo wa nne-nne tuubakize, tubadilishe maneno. Hapa ndipo mahali pa hadithi panaposaidia. Nungunungu anapenda viazi, na Usukumani viazi vitamu huhifadhiwa kwa njia mbili: vikikatwa vibichi na kuanikwa ni michembe, vikichemshwa kwanza kisha vikakatwa na kuanikwa ni matobolwa. Matobolwa ni chakula, na pia ni neno ambalo mdomo unafurahia. Midomo inafungwa kwenye ma, inafunguka kwenye to, inafungwa tena kwenye bo, kisha lwa inateleza. Halina r, dh, th wala gh. Mtoto wa Shinyanga amekua akilisikia.

Sasa uliza swali, kwa sababu swali linaloulizwa kwa sauti linadai jibu: *Nani Amekula Matobolwa?* NA-ni a-me-KU-la ma-to-BO-lwa. Silabi kumi. Makofi yapo kwenye ya 1, ya 5 na ya 9. Nafasi ni nne kamili, nne kamili.

Waandishi wengi hapa watavutwa na umbo la mtaani, "Nani Kala Matobolwa?", kwa kuwa ni fupi na lina ladha ya kichwa cha habari cha gazeti. Lipige makofi: NA-ni KA-la ma-to-BO-lwa. Kofi la pili linakuja mapema mno, kwenye silabi ya 3, kisha kuna kungoja mpaka ya 7. Jina linajikwaa. Kwa bahati, umbo sanifu ndilo lenye mwendo bora, na kitabu kinachotafuta ithibati ya kutumika shuleni kitaulizwa kuhusu Kiswahili sanifu pia. Mara nyingi mambo haya mawili yanagombana. Hapa yamekubaliana.

Kulwa, lakini si mwizi

Mnyama wetu bado hana jina. Nilipoweka matobolwa kwenye jalada, nilitafuta jina linaloimba nalo. La kwanza lililokuja ni Tobo. Silabi mbili nyepesi, linaishia na o, limo ndani ya matobolwa, na nungunungu ni mchimba matobo. Darasa la kwanza lingelipenda mara moja. Lakini vitabu vya darasa la kwanza huishia mikononi mwa darasa la saba pia, na vijana wa umri huo wanajua "kupigwa tobo" kiwanjani, mpira unapopitishwa katikati ya miguu yako. Isitoshe, neno lolote linalotaja tundu halikosi wa kuligeuza. Mtoto anayesoma kwa sauti akichekwa na kaka yake nyumbani, kitabu kinafungwa. Kabla ya kupitisha jina, ulizia vijana wa sekondari na madereva wa bodaboda wanalielewaje. Pimbi ni mnyama mzuri wa kwenye majabali ya Usukuma, lakini mwite mtu pimbi uone atakavyogeuka.

Kisha likaja Kulwa. Linaishia na lwa, silabi ileile inayofunga matobolwa, na ina u yenye mkazo. Tuliunge: *Nani Amekula Matobolwa ya Kulwa?* NA-ni a-me-KU-la ma-to-BO-lwa ya KU-lwa. Silabi 13, makofi kwenye ya 1, ya 5, ya 9 na ya 12. Nafasi ni nne, nne, tatu, mwendo wa aina ileile kama wa jina la mwanzo, sasa katika silabi pungufu kwa tano. Na sikiliza: ku ya "amekula" inapata kofi, na ku ya "Kulwa" inapata kofi. "Kula" na "Kulwa" zinaitikiana, kisha "matobolwa" na "Kulwa" zinafungana kwa kina kimoja.

Lakini Kulwa si jina tupu. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, pacha wa kwanza huitwa Kulwa, wa pili Doto, na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija. Majina hayo yameenea Tanzania nzima, na katika shule ya msingi yoyote ya Shinyanga hutakosa Kulwa. Jina la mtoto halisi likiwa la mnyama kitabuni, mtoto huyo atabebeshwa kila anachofanya mnyama. Nilipowaza mara ya kwanza hadithi ya jina hili jipya, nungunungu alikuwa mwizi wa viazi. Kulwa wa darasa la pili angeitwa mwizi mpaka likizo.

Suluhisho halikuwa kubadilisha jina. Tulibadilisha hadithi. Nungunungu si mwizi tena, yeye ndiye aliyeibiwa. Ameanika matobolwa yake juu ya jabali, amerudi, hayapo, na sasa anazunguka akiuliza. Kwa watoto wa wakulima hili lina kichekesho cha ziada ambacho hakihitaji kuelezwa: mharibifu wa mashamba analalamika kuibiwa viazi. Mwizi akipatikana aitwe kwa aina yake tu, panyabuku, bila jina la mtu. Jina la kitabu lililopimwa vizuri linaweza kurudi ndani na kunyoosha hadithi namna hii, na ndiyo sababu sipendi kuliacha mpaka siku ya kupeleka kitabu kiwandani.

Kulwa lina gharama zake. Linaishia na a, kwa hiyo "Kulwa akaja" litatoka "Kulwakaja". Dawa iko kwenye sentensi. Tanguliza kitenzi: "Akaja Kulwa." Tumia ukanushi, maana h inatenganisha: "Kulwa hakulala." Au mpe sauti kabla ya kitendo: nungunungu anapohofu hutikisa miiba ya mkia wake, ambayo ni mitupu ndani, ikalia. "Kulwa, chakachaka! Akasimama." Hapo a ya jina haikutani na a ya kitenzi. Gharama nyingine ni lwa yenyewe, ambayo kwa mtoto anayeanza kusoma ni silabi nzito ya kuandika hata kama ni nyepesi ya kutamka. Mwalimu ataifundisha mara moja, na kitabu kitairudia kwa ajili yake.

Majina yanayobeba zaidi ya sauti

Yapo majina yanayopita vipimo vyote vya sauti na bado yakataliwe. Neno "dhahabu" katika jina la mwanzo lilikuwa na kasoro ya dh, lakini hata lingekuwa jepesi ningeliondoa. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu Tanzania, ikiwamo mikoa ya Geita na Shinyanga: kuchimba, kubeba mawe, kuponda, kushika zebaki kwa mikono. Kitabu ambacho jalada lake linamtuma mtoto wa nungunungu kutafuta dhahabu kwa furaha hakiko mbali na maisha ya baadhi ya wasomaji wake. Geita ina neno lenye mlio wa kupendeza kuliko karibu yote niliyotaja, magwangala, yaani mawe ya mabaki yanayotoka mgodini ambayo watu huyachambua upya. "Nani Amelala Magwangala" lina vina vizuri mno. Sitalichapisha kwa watoto wa miaka sita, kwa sababu rundo la magwangala si mahali pa kulala wala kucheza.

Fisi pia anahitaji uangalifu katika ukanda huu. Katika hadithi nyingi za Tanzania yeye ni mlafi na mjinga wa kuchekwa, na hapo hana neno. Lakini Usukumani fisi huhusishwa na uchawi, na mikoa hii imeshuhudia vikongwe, hasa wanawake wenye macho mekundu, wakiuawa kwa tuhuma hizo. "Bibi Fisi wa Macho Mekundu" ni jina lenye mwendo na rangi, na mchoraji angelifurahia. Mhariri anayeijua Shinyanga atalikata bila mjadala. Cheo cha Bibi, Mzee au Mama mbele ya jina la mnyama kinamfanya awe jirani, kwa hiyo wape wanyama ambao ungependa mtoto awasalimu.

Pale ugumu unapotakiwa

Si kila jina liwe jepesi. Mchoraji na mwandishi John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga anayechora kwa mtindo wa Tingatinga, alitoa mwaka 2009 kitabu kuhusu mti wa ajabu ambao hauachii matunda yake mpaka uitwe kwa jina lake. Jina la mti ni refu na geni. Wanyama wakubwa wanatumwa kuliuliza, wanalisahau njiani, na mnyama mdogo ndiye anayelifikisha. Hapo ugumu wa jina ndio hadithi yenyewe: darasa zima linafanya mazoezi pamoja na wanyama, na anayekosea hajaaibika kwa sababu tembo naye amekosea. Ila tazama jina hilo gumu liko wapi. Liko kwa mti, si kwa mhusika ambaye anatajwa kila ukurasa, wala haliko jaladani. Neno gumu likitafutwa na wote, ni mchezo. Likiwa mlango wa kuingilia, ni kizuizi.

Kulipima kwa watoto wenyewe

Mwisho jina liende darasani, kabla jalada halijachorwa. Nikiweza napima katika shule mbili: moja ya kijijini ambako watoto wanazungumza Kisukuma nyumbani, nyingine ya mji wa machimbo ambako wamechanganyika. Mwalimu asome jina mara moja tu, asilifafanue, kisha asome hadithi. Ninachosikiliza wakati huo ni kama watoto wanaingia wenyewe. Jina la swali lina faida hapa. Mwalimu akisema "Nani amekula matobolwa…" na kusita, darasa linamalizia "ya Kulwa!" bila kuombwa. Likimaliziwa kufikia ukurasa wa nne au wa tano, mwendo umeshika. Kama wanasubiri mwalimu amalize kila mara, kuna silabi inayowakwamisha, na utaijua kwa kumsikiliza mwalimu mwenyewe anapunguza kasi wapi.

Kipimo kizito zaidi ni cha kesho yake. Waulize watoto, mmoja mmoja, kitabu cha jana kinaitwaje, na uandike kila neno kama lilivyotoka, usisahihishe. Majibu huja ya aina tatu. Wapo wanaolitaja jina zima. Wapo wanaolifupisha, "kile cha matobolwa" au "cha Kulwa", na hao wanakuonyesha jina ambalo kitabu kitaitwa maishani mwake, lolote utakaloandika jaladani. Ufupisho ukiwa unakitofautisha kitabu na vingine, hakuna hasara. Wa tatu ni wanaosimulia tu, "kile cha mnyama wa miiba". Wakiwa wengi hao, jina halijakaa, hata kama kila mtu alicheka siku ya kusomewa. Na angalia makosa yanayofanana. Watoto watano wakikosea silabi moja kwa namna moja, jina ndilo lenye kasoro.

Baada ya hapo ndipo linapokwenda kwa mchora jalada, likiwa limekatwa mahali pa pumzi. *Nani Amekula* mstari wa kwanza, *Matobolwa ya Kulwa?* mstari wa pili: silabi sita juu, saba chini, na alama ya kuuliza iwe kubwa ili mwalimu apandishe sauti. Ukikata baada ya "Matobolwa", "ya Kulwa" inabaki peke yake chini kama maelezo yaliyosahaulika, na msomaji atashusha sauti mahali pa kuipandisha.

Mchapishaji atakayetaka kuuza kitabu hiki Tanga au Mtwara huenda akapendekeza "viazi vikavu" badala ya matobolwa, ili kila mtu aelewe. Lipige makofi kabla hujakubali: r haipo, ila kina cha Kulwa kimekufa na mwendo nao umevunjika. Njia rahisi zaidi ni mchoraji kuonyesha katika ukurasa wa kwanza viazi vikichemshwa, vikikatwa, vikianikwa juani. Mtoto wa Tanga atajifunza neno kwa macho, na mdomo wake hautapata shida nalo.